Mzigo Haujafika na Siku Zinakwenda: Jinsi ya Kupinga Malipo ya Kadi Kabla Muda Haujakwisha

Malalamiko tunayoyapata yanafanana mno. Mtu kalipia bidhaa mtandaoni kwa kadi ya benki, mzigo haukuja, muuzaji kamwambia avumilie, naye kavumilia. Siku anapofika kaunta ya benki na karatasi zake anaambiwa muda umeshapita. Kila alichokisema ni kweli, ushahidi anao, lakini hela haitarudi.

Mwongozo huu unahusu kesi hiyo moja: umelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, ulichonunua hakijafika, na unataka benki yako ikudaie fedha zako kwa benki ya muuzaji. Kadi za kidijitali zinazotengenezwa ndani ya huduma za fedha za simu nazo zimo, mradi zina nembo ya Visa au Mastercard. Kama ulimtumia muuzaji hela moja kwa moja kwa simu, au kwa kuhamisha benki hadi benki, njia hii haikuhusu, kwa sababu hakuna kanuni ya kadi inayomfunga aliyepokea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya hivi vyote mahali pamoja:

- Taarifa ya akaunti yako inayoonyesha muamala huo. Picha ya ujumbe wa simu peke yake haitoshi.
- Uthibitisho wa oda, wenye namba ya oda, jina la bidhaa na bei.
- Mahali popote muuzaji alipoandika tarehe ya kufikisha mzigo.
- Mawasiliano yote kati yako na muuzaji, yakionyesha tarehe.
- Ukurasa wa kufuatilia mzigo, kama ulipewa namba.
- Fomu ya benki yako ya kupinga muamala. Kwenye tovuti nyingi imeandikwa `Dispute Form` au `Chargeback Form`.

Usisubiri vitimie vyote ndipo uanze. Taarifa ya akaunti na uthibitisho wa oda vinatosha kukufikisha hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Tafuta tarehe muamala ulipoingia

Unapolipa mtandaoni, benki kwanza inazishikilia fedha zako. Muamala unakuwa umesimama tu, na kwenye programu ya simu utaona neno kama `Pending`. Siku moja au mbili baadaye, wakati mwingine zaidi, muuzaji anaidai hela kupitia benki yake na muamala unaingia rasmi. Kwenye taarifa ya akaunti tarehe hiyo huwa chini ya `Posting Date` au `Value Date`.

Tarehe unayoitaka ni hii ya pili. Hesabu za mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, huanzia pale muamala unapochakatwa, na muamala ambao bado umesimama hauwezi kupingwa kwa njia hii.

Utajua umeipata kama tarehe hiyo iko pamoja na kiasi kamili kilichotoka, baada ya kubadilishwa kuwa shilingi.

## Hatua ya 2: Hesabu siku zako za mwisho

Kwa mzigo ambao haukufika, Visa inatoa siku 120. Wengi wamelisikia hilo. Linalowaponza ni kutojua siku hizo zinahesabiwa kuanzia wapi.

Kama muuzaji hakutaja tarehe ya kufikisha, siku 120 zinaanza pale muamala ulipochakatwa. Kama alitaja, zinaanza siku ya mwisho uliyotarajia kupokea mzigo. Vyovyote iwavyo, jumla haiwezi kuvuka siku 540 tangu muamala kuchakatwa. Mastercard nayo inatumia siku 120 na kikomo cha 540 kwa kesi ya aina hii.

Tumchukue mnunuzi mmoja wa Mwanza. Tarehe 3 Machi 2025 analipia kamera ya dola 640 kwenye duka la nje. Muamala unaingia tarehe 5 Machi. Ukurasa wa oda umeandika kwamba mzigo utafika kabla ya tarehe 31 Machi.

Kwa kuwa tarehe ilitajwa, anahesabu kuanzia 31 Machi: siku 30 za Aprili, 31 za Mei, 30 za Juni, kisha 29 za Julai. Siku ya 120 ni tarehe 29 Julai 2025. Kama ukurasa usingetaja tarehe yoyote, angehesabu kuanzia 5 Machi na kufika tarehe 3 Julai. Tofauti hiyo ya karibu mwezi mzima inatokana na sentensi moja kwenye ukurasa wa oda, na ndiyo sababu sentensi hiyo ihifadhiwe kabla ya kitu kingine chochote.

Kikomo cha siku 540 kwake kinaangukia tarehe 27 Agosti 2026. Kwa kamera hakina kazi. Kinamhusu zaidi mtu aliyelipia hoteli au tiketi ya ndege miezi mingi kabla ya safari.

Upo pia mwanzo wa mapema mno. Pale ambapo muuzaji hakutaja tarehe, Visa inaitaka benki isubiri siku 15 tangu siku ya muamala kabla ya kufungua madai. Tarehe ikiwa ilitajwa, siku inayofuata baada ya hiyo unaweza kwenda.

Angalizo kubwa. Siku ya 120 ni siku ya mwisho ya *benki yako* kuyaingiza madai kwenye mfumo wa mtandao wa kadi. Si siku ya mwisho ya wewe kufika kaunta. Fomu inapita tawini, inapelekwa idara ya kadi makao makuu, inakaguliwa, na ikikosa sahihi au kiambatisho inarudishwa kwako. Ndiyo maana benki nyingi zimeandika muda wao mfupi zaidi kwenye masharti ya kadi. Soma masharti ya kadi yako, na usipouona muda huo, jiwekee mwenyewe mwezi mzima wa akiba. Mnunuzi wetu wa Mwanza aichukulie tarehe 29 Juni kuwa ndiyo siku yake ya mwisho, hiyo ya Julai aisahau.

## Hatua ya 3: Mwandikie muuzaji mara moja, umpe siku

Kanuni zinataka uwe umejaribu kwanza kumalizana na muuzaji. Benki itakuuliza, na fomu ina nafasi ya kueleza hilo. Jaribio moja la maandishi lenye jibu, au lenye ukimya wa siku kadhaa, kwa kawaida linatosha.

Andika kwa barua pepe au kwenye ukurasa wa ujumbe wa duka lenyewe. Simu haiachi kumbukumbu. Maneno yawe machache:

> Oda namba (andika), niliyolipia tarehe 3 Machi 2025, ilipaswa kufika kabla ya 31 Machi. Haijafika. Naomba mzigo unifikie kabla ya tarehe 10 Aprili, la sivyo nirudishiwe fedha zote kwenye kadi niliyolipia.

Jibu linalofuata ndilo linaloamua kesi nyingi. Muuzaji ataandika kwamba kuna msongamano forodhani, umpe wiki sita. Mnunuzi mstaarabu anajibu, "Sawa, hakuna shida, nitasubiri." Kwa maneno hayo amekubali tarehe mpya, na kuanzia hapo benki inaweza kumwambia kwamba mzigo bado haujachelewa, arudi tarehe hiyo mpya ikipita. Tarehe hiyo ikifika, muuzaji anaomba nyingine. Mchezo huu unachezwa kwa adabu kubwa, kwa samahani nyingi na pengine punguzo dogo la bei, na hapa subira haivuti heri hata kidogo.

Usijipe moyo kwamba kila ahadi mpya inakusogezea mbele siku zako 120. Inaweza kukubalika, inaweza kukataliwa. Inategemea anayelisoma faili na jinsi mlivyoandikiana. Panga safari yako kwa tarehe ya awali, iliyo kwenye ukurasa wa oda.

Ukijibu, sema hukukubali: "Sikubali kuongeza muda. Nabaki na tarehe 10 Aprili." Mzigo ukija kweli baada ya hapo, utaufuta mwenyewe upinzani wako benki. Kuufuta ni rahisi kuliko kuufungua ukiwa umechelewa.

Hatua hii imekamilika pale unapokuwa na ujumbe wako wenye tarehe, siku uliyotoa imepita, na mkononi huna mzigo wala fedha.

## Hatua ya 4: Shika ushahidi kabla haujafutika

Hapa ndipo kuchelewa kunakoua kesi hata kama siku 120 hazijaisha. Mtu anayefika benki siku ya 110 anaruhusiwa kufungua madai, ila mkononi mara nyingi ana risiti tu.

Ukurasa wa oda unabadilika. Leo umeandika "kabla ya 31 Machi", mwezi ujao umeandika "inachakatwa", na duka likifungwa hauonekani kabisa. Upige picha ukiwa na anwani ya tovuti na tarehe inayoonekana, kisha uhifadhi pia kama faili la PDF.

Ukurasa wa kufuatilia mzigo nao haudumu. Kampuni za usafirishaji hufuta taarifa za zamani, na namba za kufuatilia hutumika upya baada ya muda. Upige picha kila unapobadilika, hasa siku unapoandika neno "umefikishwa" huku wewe hujapokea kitu.

Hilo la "umefikishwa" lina ujanja wake. Wapo wauzaji matapeli wanaotuma kifurushi kidogo chenye kitu cha bure kwa mtu mwingine aliye katika mji wako, kisha wanakupa namba yake ya kufuatilia. Kwenye mfumo mzigo unaonekana umefika Mwanza. Muuzaji akiupeleka ukurasa huo kwenye mtandao wa kadi, ana kitu cha kuonyesha.

Dawa yake ni kwenda mapema posta au kwa kampuni iliyosafirisha, ukiwa na namba hiyo, na kuomba maandishi yanayoonyesha kifurushi kilipelekwa anwani gani, kina uzito gani na kilipokelewa na nani. Hata kama hawatakutajia jina la mpokeaji, maandishi kwamba anwani si yako, au kwamba kifurushi kilikuwa na gramu 40, yanatosha kuibomoa hoja ya muuzaji. Kamera haina gramu 40. Chini ya kanuni za Umoja wa Posta Duniani, maulizo kuhusu kifurushi hupokelewa ndani ya miezi 6 tangu siku inayofuata ile kilipotumwa. Aliyekaa kimya akisubiri huruma ya muuzaji anaweza kujikuta mlango huu nao umefungwa.

Mazungumzo ya WhatsApp yatoe nje kama faili, usiyaache kwenye simu. Ujumbe unaojifuta wenyewe, simu iliyoibiwa, namba ya muuzaji iliyobadilishwa: vyote tumeviona.

## Hatua ya 5: Jaza fomu kwa sababu iliyo ya kweli

Fomu ya benki ina orodha ya sababu, na unatia alama moja. Kwa kesi hii chagua ile inayosema bidhaa au huduma haikupokelewa.

Wengi wanachagua "sikuufanya muamala huu" kwa kudhani lina nguvu zaidi. Usifanye hivyo. Ulipolipa, huenda ulipokea namba ya siri kwenye simu ukaiingiza. Muamala uliothibitishwa kwa njia hiyo kwa kawaida hauwezi kupingwa kama wizi, na muuzaji anatuma uthibitisho huo mara moja. Madai yatakataliwa, na yakirudi, siku zako zimekwisha liwa. Juu ya hayo, ni kusema uongo kwa benki yako.

Kama kweli kadi ilitumika na mtu usiyemjua, hiyo ni kesi nyingine na haina hata siku moja ya kungoja. Funga kadi saa hiyohiyo. Huko nako Visa inatoa siku 120 tangu muamala kuchakatwa, lakini hakuna cha "siku niliyotarajia mzigo" wala kikomo cha 540. Anayesoma taarifa ya akaunti mara mbili kwa mwaka anaweza kuugundua wizi ukiwa tayari umezeeka.

Kwenye nafasi ya maelezo andika mistari mitano au sita kwa mpangilio wa tarehe: nilinunua nini, niliahidiwa lini, nilimwandikia lini, alijibu nini, hali ikoje leo. Acha hasira na historia. Anayesoma anatafuta tarehe mbili tu, ile ya ahadi na ile ya jaribio lako la kumalizana na muuzaji.

## Hatua ya 6: Ondoka na namba ya kumbukumbu

Usiridhike na "tumeipokea, utapigiwa". Omba namba ya kumbukumbu ya madai, au nakala ya fomu yenye muhuri na tarehe. Ukituma kwa barua pepe, iweke tarehe ya siku ya mwisho kwenye ujumbe wenyewe: "Kwa hesabu yangu, siku ya 120 ni 29 Julai 2025." Mstari huo unamfanya ofisa aliyelipokea faili ajue kwamba nawe unahesabu.

Baada ya wiki moja, uliza swali moja mahususi: madai *yameingizwa* kwenye mfumo wa Visa au Mastercard, na tarehe gani? Jibu la "yanashughulikiwa" maana yake bado. Endelea kuuliza hadi upewe tarehe.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba ya kumbukumbu pamoja na tarehe ya kuingizwa iliyo kabla ya siku yako ya mwisho. Kuanzia hapo zile siku 120 hazikutishi tena.

## Hatua ya 7: Muuzaji akijibu

Upande wa muuzaji una siku 30 za kujibu kwa Visa, na 45 kwa Mastercard. Akikaa kimya, kwa kawaida fedha zinabaki kwako. Akijibu, benki yako inapewa alichokileta, nayo inatakiwa kukuonyesha na kukuuliza.

Hapa saa nyingine inaanza, na hii haisemwi kwa sauti. Kwa Visa, benki yako ina siku 30 za kuamua kama itaendelea na kesi, na siku hizo zinajumuisha muda wa faili kukaa mezani kabla ya kukufikia. Ukipewa siku 5 za kujibu, usizichukulie kama ukali wa ofisa. Jibu hoja aliyoileta muuzaji, si nyingine. Akileta ukurasa wa "umefikishwa", wewe unaleta yale maandishi ya posta.

Kama benki imeshakuwekea fedha kwenye akaunti, ziache hapohapo hadi uambiwe kwa maandishi kwamba kesi imefungwa. Muuzaji akishinda zinatolewa tena, na akaunti isiyo na salio itaingia deni.

## Kwa wenye kadi za nje

Kanuni za Visa na Mastercard zinafuata kadi popote ilipo, lakini sheria ya nchi iliyotoa kadi inaweza kukuongezea haki au masharti.

Kwa kadi ya mkopo ya Marekani, sheria inakutaka uandike kwa benki ndani ya siku 60 tangu ilipotuma taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Barua iende kwenye anwani ya maulizo ya bili. Simu pekee haikulindi. Uingereza kuna kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974, kinachomfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa ya bei iliyozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Huko Uingereza na Wales dai hilo linaweza kuletwa hadi miaka 6, kwa hiyo aliyepitwa na siku 120 bado ana pa kushika. Kadi ya kawaida ya akaunti haimo kwenye kifungu hicho.

## Ukiwa umeshachelewa

Kwanza rudia hesabu. Wengi wanaambiwa "muda umepita" na ofisa aliyehesabu kuanzia siku ya malipo, ilhali tarehe ya kufikisha mzigo ilitajwa. Peleka ukurasa wa oda, mwonyeshe tarehe, na uombe hesabu ifanywe upya kwa maandishi.

Kama duka limefilisika au limetoweka, hilo peke yake lisikukatishe tamaa ukiwa bado ndani ya siku. Madai yanakwenda kwa benki iliyompokelea muuzaji malipo, na benki hiyo inabaki kuwajibika hata mteja wake akiwa hayupo tena.

Siku zikiwa zimeisha kweli, benki yako inaweza kuiandikia benki ya muuzaji barua ya ombi la hisani. Upande wa pili hauna wajibu wa kukubali, na kwa duka lililokutapeli makusudi jibu ni ukimya. Kwa kampuni inayojali jina lake, kama hoteli au shirika la ndege, barua hiyo huenda ikafaa.

Na kama ulifika benki mapema, fomu ikakaa mezani kwao hadi siku zikapita, kosa si lako. Ule muhuri wa tarehe kwenye nakala yako ndio unaothibitisha hilo. Andika malalamiko rasmi kwa benki yenyewe, ukiomba fedha zako kwa sababu ya uzembe wao, subiri jibu la maandishi, kisha usiporidhika yapeleke Benki Kuu ya nchi yako pamoja na nakala hiyo.